Sababu Moja, Maandishi Mawili: Uundaji wa Barua Pepe ya Utambulisho baina ya Watu Wasiozungumza Lugha Moja

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna barua pepe ya utambulisho inavyoundwa pale ambapo watu wawili wanaounganishwa hawana lugha wanayoishiriki. Uchunguzi umejikita katika mfano mmoja uliotungwa kwa ajili ya uchambuzi: mtambulishi anamkutanisha mtunza nyaraka wa Maputo, anayefanya kazi kwa Kireno, na mtaalamu wa miswada wa Unguja, anayefanya kazi kwa Kiswahili. Jambo linalowakutanisha ni barua za Kiswahili za karne ya 19 zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kwa kuongozwa na Nadharia ya Skopos, makala inabainisha kwamba sababu ya mazungumzo haipaswi kuandikwa mara moja kisha kutafsiriwa. Inapaswa kuandikwa mara mbili, kila mara kwa kuzingatia kile ambacho msomaji husika anacho na kile anachokikosa. Aidha, makala inaonesha kwamba barua hiyo hufanikiwa pale inapopendekeza hatua ya kwanza ambayo wahusika wanaweza kuitekeleza kabla ya kupata lugha ya pamoja.

1.0 Utangulizi

Utambulisho ni tendo la watu watatu. Yupo anayetambulisha, na wapo wawili wanaotambulishwa. Katika mazingira ya ana kwa ana, mtambulishi husimama kati yao, huwatajia majina, husema neno moja au mawili kuhusu kila mmoja, na hubaki hapo mpaka aone mazungumzo yameshika njia. Barua pepe humwondolea mtambulishi nafasi hiyo. Akishaituma, hawezi kuona uso wa mpokeaji uliokunjamana wala kuingilia pale neno linapoeleweka vibaya. Kwa hiyo yale ambayo angeyafanya kwa kuwapo kwake hana budi kuyatia ndani ya maandishi.

Wapokeaji wanapozungumza lugha moja, upungufu wa maandishi hayo hurekebishika kwa urahisi. Mmoja akishindwa kuelewa kwa nini ameandikiwa, humuuliza mwenzake, na jibu hupatikana katika ujumbe wa pili. Wasipokuwa na lugha ya pamoja, njia hiyo haipo. Swali lenyewe linahitaji mkalimani, na mkalimani pekee anayejulikana kwa wote wawili ni yule aliyeandika barua kisha akaondoka. Matokeo yake ni kwamba barua ya utambulisho katika hali hii hubeba mzigo mkubwa zaidi: inapaswa kueleza sababu ya mazungumzo kwa namna inayojitosheleza, na pia kuwawekea wahusika njia ya kuanzia.

Makala hii inajibu maswali mawili. Kwanza, je, sababu ya mazungumzo iandikwe vipi ili kila mpokeaji aione kuwa ni yake? Pili, ni mambo gani ya kilugha yanayoweza kuipotosha sababu hiyo inapovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, na mtambulishi anaweza kuyatambua vipi kabla barua haijatumwa?

2.0 Msingi wa Kinadharia

Uchambuzi unaongozwa na Nadharia ya Skopos iliyoasisiwa na Hans Vermeer nchini Ujerumani mwaka 1978. Msingi wa nadharia hii ni kwamba tafsiri hupimwa kwa lengo ambalo matini lengwa imekusudiwa kulitimiza kwa wasomaji wake, wala haipimwi kwa ulinganifu wa neno kwa neno na matini chanzi. Iwapo lengo la matini chanzi na lengo la matini lengwa yanatofautiana, mfasiri ana haki, na wakati mwingine ana wajibu, wa kuzitofautisha matini hizo.

Nadharia hii inafaa kwa sababu sehemu mbili za barua ya utambulisho huonekana kuwa na lengo moja, ilhali zina malengo mawili. Sehemu inayomwendea mwenye nyaraka inakusudia kumfanya azitoe zionwe. Sehemu inayomwendea msomaji wa miswada inakusudia kumfanya atenge muda wa kuzisoma. Matendo hayo ni tofauti, na hoja ya kumshawishi mtu kulitenda moja haitoshi kumshawishi mwingine kulitenda la pili.

Pamoja na Skopos, makala inaazima dhana ya uso kutoka kwa Brown na Levinson (1987), yaani heshima ambayo kila mtu hutaka ilindwe mbele ya wengine, ukiwamo uhuru wake wa kutolazimishwa. Dhana hii inahitajika kueleza hatua inayotangulia barua yenyewe, yaani kuomba ridhaa.

3.0 Mazingira ya Mfano

Katika karne ya 19 Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu kilikuwa lugha ya maandishi katika pwani ya kaskazini ya Msumbiji. Masultani, masheikhe na watawala wengine wa maeneo kama Angoche waliwaandikia maofisa wa Kireno kwa lugha hiyo. Sehemu ya barua hizo imehifadhiwa Maputo katika Hifadhi ya Kihistoria ya Msumbiji, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1934. Baadhi ya barua zinaambatana na tafsiri ya Kireno iliyofanywa wakati huohuo kwa matumizi ya maofisa.

Wahusika wa mfano ni wa kubuni, lakini nyaraka za aina hiyo zipo. Mhusika wa kwanza ni mwanamke, mtunza nyaraka aliyeko Maputo. Anaongea na kuandika Kireno, hajui Kiswahili, na hawezi kusoma herufi za Kiarabu. Mhusika wa pili ni mzee wa Unguja, mtaalamu wa miswada, anayeitwa Maalim na wanaomfahamu. Anasoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu, lakini hajui Kireno. Mtambulishi ni mwanahistoria kijana kutoka Tanzania aliyewahi kufanya utafiti Maputo na anayezijua lugha zote mbili.

Umuhimu wa kuwakutanisha hawa wawili unatokana na tabia ya maandishi yenyewe. Katika tahajia ya zamani, herufi moja ya *be* iliweza kusimamia sauti *b*, *p* na *mb*, na alama moja ya irabu iliweza kusimamia *i* na *e*. Hivyo maneno *bibi*, *pepe* na *pembe* yaliweza kuandikwa kwa namna ileile. Mtu anayejua Kiarabu pekee ataweza kuyatamka maandishi hayo asijue yanasema nini. Anayejua Kiswahili cha Kilatini pekee hataweza hata kuyatamka. Ili kuamua kama barua ya mtawala inamzungumzia bibi fulani au inazungumzia pembe za ndovu, anahitajika mtu aliyezoea kuchagua kati ya usomaji mbalimbali kwa kufuata muktadha.

4.0 Ridhaa Kabla ya Utambulisho

Mtambulishi haanzi kwa kuwaandikia wote wawili kwa pamoja. Huanza kwa kumwandikia kila mmoja peke yake, kwa lugha yake, ujumbe mfupi unaouliza kama yuko radhi kutambulishwa. Sababu ya utaratibu huu ni uso. Mara anwani mbili zinapowekwa katika barua moja, kukataa huwa ni kukataa hadharani. Mtu ambaye angesema kwa faragha kwamba hana muda hulazimika ama kukubali asichokitaka ama kunyamaza.

Kwa watu wasio na lugha ya pamoja, ukimya huo una hatari ya ziada, kwani haufasiriki. Maalim asipopata jibu kutoka Maputo hawezi kujua kama mwenzake hataki, hana muda, au ameshindwa tu kuandika jibu ambalo Maalim angeweza kulisoma. Ridhaa iliyotangulia huondoa dhana ya kwanza, hivyo ukimya ukitokea baadaye mtambulishi ana haki ya kuutazama kama tatizo la lugha au la muda, na kuuliza ipasavyo.

Ujumbe wa ridhaa humpa mtambulishi jambo jingine muhimu, yaani mipaka ya kile anachoweza kuahidi. Katika mfano huu, Maalim anajibu kwamba yuko tayari kusoma kurasa mbili kwanza, kisha ataamua. Mtunza nyaraka anajibu kwamba anaweza kutoa picha za barua moja kwa ajili ya usomaji, lakini picha hizo zisichapishwe bila kibali cha taasisi. Mtambulishi sasa anajua kiasi na sharti. Kauli kama "atafurahi sana kukusaidia", ambayo hujitokeza kwa wepesi katika barua za aina hii, ingekuwa ahadi iliyotolewa kwa niaba ya mtu ambaye hakuitoa.

5.0 Kuandika Sababu Mara Mbili

5.1 Rasimu ya kwanza na kasoro yake

Rasimu ya kwanza ya mtambulishi ina sababu moja iliyoandikwa kwa Kiswahili kisha kutafsiriwa: "Nimeona ni vyema mfahamiane kwa kuwa nyote mnashughulikia hati za Kiarabu za pwani ya Afrika Mashariki, na naamini mtakuwa na mengi ya kuzungumza."

Sentensi hii ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba haimwambii yeyote kati yao cha kufanya. Kushughulikia jambo moja ni kufanana, na kufanana peke yake si sababu ya mazungumzo. Watu wawili wenye lugha moja wanaweza kuanza na kufanana huko wakagundua njiani mmoja anamhitaji mwenzake kwa lipi. Watu wasio na lugha moja hawana njia hiyo ya kugundua, kwa kuwa kila sentensi ya kutafuta inawagharimu tafsiri.

Kasoro ya pili imo katika neno *hati*. Katika Kiswahili neno hilo lina maana mbili zilizokaribiana: maandishi au mwandiko wa aina fulani, na waraka. Msomaji wa Unguja akikutana na *hati za Kiarabu* katika muktadha huu ataelewa mara moja kwamba ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kireno hakina neno moja lenye utata huohuo, kwa hiyo mfasiri hulazimika kuchagua. Akichagua maana ya waraka, sentensi ya Kireno itasema kwamba wahusika wanashughulikia nyaraka za lugha ya Kiarabu.

Kosa hili si dogo. Mtunza nyaraka ambaye hawezi kusoma herufi hizo hana njia ya kulisahihisha kwa macho yake. Akiamini kwamba alichonacho ni Kiarabu, atafanya linalofaa kwa Kiarabu: atamtafuta mtaalamu wa lugha hiyo, na katika orodha ataandika kwamba lugha ya waraka ni Kiarabu. Mtafiti wa Kiswahili atakayeipekua orodha hiyo baadaye hataziona barua hizo. Hivyo barua iliyokusudiwa kuziunganisha nyaraka na msomaji wake inaweza kuwa ndiyo iliyozificha.

5.2 Rasimu ya pili

Katika rasimu ya pili mtambulishi anaacha kutafsiri. Anajiuliza maswali matatu kuhusu kila mpokeaji: anacho nini, anakosa nini, na mwenzake anaweza kumpa lipi kati ya hayo anayoyakosa? Majibu yake ni haya. Mtunza nyaraka anazo barua pamoja na tafsiri za kale za Kireno, na anakosa mtu wa kumthibitishia lugha na maudhui. Maalim ana ujuzi wa kusoma, na anakosa mifano ya Kiswahili cha ncha ya kusini ya pwani, mahali ambapo lugha kama Kikoti cha Angoche huweza kuacha alama zake katika maandishi. Zaidi ya hayo, tafsiri ya kale ya Kireno ingemwonesha Maalim jinsi barua ilivyoeleweka na ofisa aliyeipokea, jambo ambalo maandishi ya Kiswahili peke yake hayawezi kulionesha.

Kutokana na majibu hayo, kichwa cha barua na mistari yake ya juu vinakuwa hivi:

```
Subject: Utambulisho: barua za Kiswahili zilizoko Maputo /
         Apresentação: cartas em suaíli em Maputo

Kiswahili: hapa chini.
Português: a seguir ao texto em suaíli.
```

Mistari miwili ya mwanzo ina kazi yake. Anayefungua barua kwenye simu huona sehemu ndogo tu ya juu. Akikuta lugha asiyoijua, na hakuna ishara kwamba lugha yake ipo chini, anaweza kuifunga akidhani haikuwa yake. Lugha itakayotangulia huchaguliwa kwa kufuata ni nani anayetakiwa kufanya kazi kubwa zaidi. Hapa ni Maalim, hivyo Kiswahili kinatangulia.

Sehemu ya Kiswahili inasomeka hivi:

"Maalim, assalaam alaykum. Natumai u mzima wa afya. Kama tulivyozungumza, namtambulisha kwako mtunza nyaraka wa Hifadhi ya Kihistoria ya Msumbiji, Maputo, ambaye naye yumo katika barua hii. Chini ya uangalizi wake zimo barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zilizotoka Angoche katika karne ya 19, na baadhi zina tafsiri ya Kireno ya wakati ule. Nimeona mkutane kwa sababu kule hakuna anayeweza kuzisoma, nawe uliwahi kusema kwamba hujapata maandishi ya kutosha ya upande huo wa pwani. Ameniruhusu kusema kwamba atakuletea picha za barua moja, kurasa mbili, kwa usomaji tu na si kwa kuchapisha. Linaloombwa kwako kwa sasa ni kuandika kwa herufi za Kilatini kile unachokisoma, na kuweka alama pale unapotilia shaka. Yeye hasomi Kiswahili. Anasoma na kuandika Kireno. Nitatafsiri ujumbe wa kwanza wa kila mmoja wenu, kisha tutaangalia namna ya kuendelea."

Sehemu ya Kireno haifuati maneno hayo. Inaanza kwa namna rasmi ya kumwita mpokeaji, kisha inaeleza kwamba barua alizonazo ziko katika lugha ya Kiswahili na kwamba ni herufi tu ndizo za Kiarabu. Jambo hilo halikuhitaji kuelezwa kwa Maalim, bali kwa mtunza nyaraka ndilo kiini cha sababu. Inafuata na maelezo ya Maalim kama msomaji wa miswada ya aina hiyo. Inasema kwamba atakachopata ni maandishi ya Kilatini ya barua moja, ambayo yatamwezesha kujaza kwa uhakika sehemu ya lugha na ya maudhui katika orodha yake. Inamkumbusha sharti alilolitoa mwenyewe kuhusu uchapishaji ili ajue kwamba limefikishwa. Mwisho inamwomba atume picha hizo, na kumweleza kwamba Maalim hasomi Kireno.

Sehemu hizi mbili zinakubaliana katika mambo yote ya hakika: nani, nini, kiasi gani, kwa sharti gani. Zinatofautiana katika kile zinachokieleza kwa urefu. Kwa mujibu wa Skopos, tofauti hiyo ni uaminifu kwa lengo. Ingekuwa kasoro iwapo sehemu moja ingeahidi jambo ambalo nyingine hailijui.

5.3 Hatua ya kwanza isiyohitaji lugha ya pamoja

Ombi lililomo ndani ya barua limechaguliwa kwa makusudi. Mtambulishi angeweza kupendekeza mazungumzo ya simu. Mazungumzo hayo yangedai mkalimani kwa muda wote, na yangeanza kabla ya kuwapo jambo la kuzungumza. Badala yake amependekeza mabadilishano ya vitu: picha zinakwenda upande mmoja, maandishi ya Kilatini yanarudi upande wa pili. Picha haihitaji kutafsiriwa. Maandishi ya Kiswahili yanahitaji, lakini yanakuwa tayari katika umbo linaloweza kupelekwa kwa mfasiri yeyote wa kawaida, jambo ambalo halikuwezekana hapo awali.

Hata hatua hii ina sharti la kiufundi ambalo barua inapaswa kulitaja. Picha ya ukurasa wa ukubwa wa A4 iliyochukuliwa kwa rangi, kwa nukta 300 kwa inchi, bila kubanwa, ina ukubwa wa takriban megabaiti 26. Huduma nyingi za barua pepe hukataa kiambatisho cha zaidi ya megabaiti 25. Picha zikikataliwa, ujumbe wa kukataliwa humrudia mtumaji mara nyingi kwa Kiingereza, na mpokeaji hajui kwamba kitu kilitumwa. Ombi la picha zilizobanwa katika umbo la JPEG linaepusha ukimya ambao kila upande ungeufasiri vibaya.

6.0 Mambo ya Kilugha Yanayopotosha

Mbali na utata wa *hati*, mfano unaonesha mambo mengine matatu yanayopaswa kukaguliwa.

La kwanza ni jinsia. Kiswahili humtaja mtu kwa *yeye* au kiambishi *a-* bila kubainisha kama ni mwanamume au mwanamke. Kireno hakiruhusu ukimya huo: salamu rasmi, vyeo vingi na vivumishi vingi huchagua upande. Mtambulishi anayewajua wahusika wote hana tatizo. Tatizo huzuka pale anapompa mfasiri rasimu ya Kiswahili isiyotaja jinsia, na mfasiri akachagua uume kwa mazoea. Mtunza nyaraka atakayesalimiwa kama mwanamume katika mstari wa kwanza ataona kwamba anayedai kumfahamu hamfahamu, na thamani ya utambulisho inapungua kabla sababu haijasomwa. Njia ya kuepuka ni kumwandikia mfasiri jinsia ya kila mtu nje ya matini.

La pili ni saa. Iwapo baadaye itapangwa simu, Maalim ataandika "saa nne asubuhi", akimaanisha 10:00. Mfasiri asiyejua hesabu ya saa ya Kiswahili, ambayo huanza kuhesabiwa alfajiri, ataandika saa 4:00. Juu ya hilo, Unguja iko saa moja mbele ya Maputo. Saa nne ya Maalim ni 09:00 ya mwenzake. Tofauti ya kwanza humkosesha mtu kabisa. Tofauti ya pili humchelewesha kwa saa moja. Zote mbili huondoka kwa kuandika tarakimu pamoja na mahali: 10:00 Unguja, 09:00 Maputo.

La tatu ni maelezo ya ujuzi wa lugha. Kauli kama "anajua Kireno kidogo" hutolewa kwa nia njema ya kumfanya mtu aonekane anafikika. Lakini neno *kidogo* halimwambii mpokeaji afanye nini. Anaweza kuandika aya ndefu akitarajia kusomwa, au akaacha kuandika kabisa akiogopa kuchosha. Maelezo yanayofaa hutaja tendo: anasoma, hasomi, anaandika, anazungumza. Katika mfano, barua inasema "hasomi Kiswahili, anasoma na kuandika Kireno", na mpokeaji anajua hasa la kufanya.

7.0 Ukaguzi Kabla na Baada ya Kutuma

Kabla ya kutuma, mtambulishi humpa mtu wa tatu sehemu ya lugha asiyoimudu vyema zaidi, bila kumwonesha sehemu nyingine, na kumwomba ajibu kwa maneno yake: nani anaombwa nini, atapata nini, na kwa sharti gani? Majibu hayo hulinganishwa na sehemu ya pili. Njia hii ni bora kuliko tafsiri rejeshi ya neno kwa neno, kwa sababu sehemu hizi mbili hazikukusudiwa kufanana kimaneno. Utata wa *hati* ungejitokeza hapa mara moja, kwani msomaji wa Kireno angejibu kwamba kinachohitajika ni mtaalamu wa Kiarabu.

Baada ya kutuma, dalili ya kwanza ya hali ya utambulisho ni anwani ya jibu. Jibu likiwaendea wote wawili likiwa na kitu kilichoombwa, utambulisho umeshika. Jibu likimrudia mtambulishi peke yake, likiwa na shukrani tu, maana yake mpokeaji bado anamwona yeye kuwa ndiye anayezungumza naye. Kwa kawaida hilo hutokea pale ombi lilipokuwa la jumla mno, au pale mpokeaji anapoona haya kuandika lugha isiyosomeka na mwenzake. Tiba yake ni mtambulishi kuipeleka kauli hiyo mbele kwa wote, akiambatanisha tafsiri, na kulirudia ombi lilelile kwa maneno mafupi.

Katika utambulisho wa watu wa lugha moja, mtambulishi huondolewa kwenye orodha ya wapokeaji tangu jibu la kwanza. Mfano huu unahitaji utaratibu tofauti. Mtambulishi anabaki kwa ujumbe wa kwanza wa kila upande, kwa sababu hapo ndipo makosa ya maana hugunduliwa. Hata hivyo, mwisho wa kazi yake unapaswa kutajwa ndani ya barua, kama ulivyotajwa katika rasimu ya pili. Asipoutaja, wahusika watamchukulia kuwa mkalimani wao wa kudumu, na siku atakaposhindwa kutafsiri, mawasiliano yatakoma naye.

8.0 Mipaka ya Uchambuzi

Mfano uliochambuliwa una mtambulishi anayezijua lugha zote mbili. Pale anapoijua moja tu, sehemu ya pili itaandikwa na mfasiri, na maswali matatu ya sehemu ya 5.2 yatapaswa kujibiwa kwa maandishi na kukabidhiwa kwake pamoja na rasimu. Vinginevyo atatafsiri sababu ya mtu asiyehusika. Vilevile, mfano una jambo linaloweza kubadilishanwa bila maneno mengi. Watu wanaokutanishwa kwa ajili ya majadiliano tu, kwa mfano kuhusu sera, hawana picha ya kutuma. Kwao hatua ya kwanza italazimika kuwa ya maneno, na gharama ya tafsiri itapaswa kukubaliwa tangu mwanzo na kutajiwa mwenye kuibeba.

9.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba barua pepe ya utambulisho baina ya watu wa lugha mbili ni matini mbili zinazokubaliana katika mambo ya hakika na kutofautiana katika hoja. Sababu ya Maalim kuandikiana na Maputo ni maandishi ya pwani ya kusini ambayo hajayaona. Sababu ya mtunza nyaraka kuandikiana na Unguja ni barua asizoweza kuzisoma, ambazo huenda orodha imeziita kwa lugha isiyo yake. Barua iliyosema kwamba wote wawili "wanashughulikia hati za Kiarabu" haikuwapa yeyote kati yao sababu yake, na kwa mmoja wao ilisema jambo lisilo la kweli. Barua iliyosema kurasa mbili, kwa herufi za Kilatini, kwa usomaji tu, iliwapa kazi ambayo wangeweza kuianza siku hiyohiyo, kila mmoja akiwa katika lugha yake.